Mkato wa triga si wepesi: kisa cha Mauser iliyopigwa tupa

Mwenye bunduki alileta malalamiko mawili ndani ya sentensi moja: "Triga inaburuza, Fundi, na siku hizi inatisha." Aliyasema kana kwamba ni jambo moja. Kumbe ni maradhi mawili, na la pili lilitokana na dawa aliyopewa kutibu la kwanza.

Bunduki yenyewe ni rifle ya bolti ya mfumo wa Mauser 98, ya zamani. Kitako chake cha kijeshi kimekatwa na kuchongwa upya kwa ajili ya kuwindia, lakini triga imebaki ileile ya asili ya hatua mbili. Iko kusini ya Unguja, kwenye mashamba ya mihogo yanayopakana na msitu, kwa mtu mwenye kibali chake, na kazi yake ni moja: nguruwe pori wanaoshuka usiku. Wenzake wengi huko hutumia shotigani, na mwenye shotigani hasumbuliwi sana na triga, kwa kuwa anapiga karibu na marisau yanatawanyika. Mwenye rifle anamlenga mnyama aliyesimama mita 60 au 70, mwanga ukiwa umeshakwisha nusu. Kila kinachotikisa bunduki katika nukta ile ya mwisho kinaonekana asubuhi, kwa mihogo iliyofukuliwa na hakuna damu.

Alikuja na mwanawe. Kijana ndiye aliyeipeleka bunduki kwa fundi wa kwanza, mtu wa baiskeli na vespa, hodari kwa kazi yake, ambaye aliifungua, akaipiga tupa na kuirudisha ikiwa "nyepesi hasa." Kijana alifurahi. Mzee alifurahi pia, mpaka jioni moja alipofunga bolti kwa haraka na kusikia pini ikishuka yenyewe. Bahati nzuri hakuwa na risasi ndani.

Kabla sijaeleza nilichokikuta, niseme sehemu zenyewe zinafanyaje kazi, maana bila hayo mengine hayafahamiki.

Ndani ya bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kuna pini inayopiga risasi, na mwishoni mwa pini ile kuna kipande kizito cha chuma, mkia wa pini. Ukifungua bolti, mkia unavutwa nyuma na springi inakazwa. Chini ya bodi, kile chuma kinachobeba bolti na mtutu, kuna mkono wa chuma unaoitwa sia. Pua yake inachomoza juu kupitia tundu la bodi, inasimama mbele ya mkia ule na kuuzuia usiende mbele. Springi inasukuma mkia kwenye uso wa sia, na uso wa sia unasukuma nyuma. Hapo ndipo bunduki ilipokazwa, inangoja.

Kimo cha uso wa sia kinachogusana na uso wa mkia ndicho mshiko. Ukivuta triga, sia inashuka, na mshiko unapungua kidogo kidogo mpaka unakwisha. Ule wakati makali mawili yanapoachana ndio mwachio. Mwendo ambao kidole kinausikia wakati nyuso zile zinateleza kuelekea kuachana ndio mburuzo. Haya matatu ni mambo tofauti, ingawa mlengaji anayahisi kwa kidole kimoja na huwa anayataja yote kwa jina moja.

Sasa Mauser ina ujanja wake, na ndiyo maana nataka kukaa hapa kidogo. Juu ya triga kuna nundu mbili zinazobana chini ya bodi. Unapoanza kuvuta, nundu ya mbele ndiyo inayogusa. Iko karibu na pini inayoshika triga kwenye sia, kwa hiyo kidole kinapata nguvu kubwa ya wenzo: unavuta kirahisi, mwendo mrefu, na sia inashuka polepole. Hiyo ni hatua ya kwanza. Kisha nundu ya nyuma nayo inafika kwenye bodi, na kidole kinasikia kituo, kama ukuta. Kuanzia hapo wenzo umebadilika, kwa kuwa nundu ya nyuma iko mbali zaidi na pini: uzito unapanda, lakini kila mwendo mdogo wa kidole unaishusha sia zaidi kuliko mwanzo. Hiyo ni hatua ya pili, na mwachio uko mwisho wake.

Faida yake ni kwamba bunduki ikiwa imekazwa na hakuna anayegusa triga, mshiko ni mkubwa. Ikianguka, ikigongwa, bolti ikifungwa kwa kishindo, sia haiachii. Halafu mlengaji mwenyewe, kwa kidole chake, anauondoa mshiko mwingi katika hatua ya kwanza akiwa tayari anataka kupiga, na anabakiwa na kipande kidogo tu cha kumalizia. Waliobuni mfumo huu walitaka bunduki ya askari isiyoachia ovyo na bado yenye mwachio unaotabirika, na wakavipata vyote viwili kwa nundu mbili. Mimi sijaona ujanja wa triga uliokuwa rahisi hivyo na wa maana hivyo.

Kwa mpangilio huu, swali la "triga yangu ina mburuzo?" linahusu hatua ya pili peke yake. Mwendo wa hatua ya kwanza haumsumbui mtu aliyeizoea, kwani unakwisha kabla hajaamua kupiga. Kinachomsumbua ni kufika kwenye kituo, kukaza kidole, na kusikia chuma kinasogea, kinasimama, kinasogea tena, naye hajui kitaachia lini. Hapo jicho linauacha mlengo na kukifuata kidole, mkono unakosa subira, na triga inavutwa kwa nguvu moja ya ghafla. Mlio ukitoka mtutu umeshahama.

Nilipoichukua bunduki nilihakikisha chemba na kasha ni tupu, kisha nikaweka risasi bandia yenye mpira badala ya fataki. Vipimo vyote vifuatavyo vilifanywa hivyo, na atakayejaribu nyumbani kwake asifanye vinginevyo.

Kwanza nilivuta kwa kidole, taratibu, macho yakiwa kwenye mkia wa pini, siyo kwenye triga. Hiki ni kipimo kisicho na gharama na kinasema mengi. Kwenye sia nzuri, mkia hautikisiki kabisa mpaka mwachio, au unarudi nyuma kwa unywele kabla ya kuachia. Ukirudi nyuma, maana yake pembe ya uso inaisukuma springi kidogo. Triga itakuwa nzito zaidi lakini salama, kwa sababu ukilegeza kidole katikati sia inapanda na kurudi mahali pake. Kwenye bunduki hii mkia ulikuwa unakwenda mbele. Unywele tu, lakini mbele. Yaani springi ya pini yenyewe ilikuwa inaisukuma sia chini, inamsaidia mvutaji. Pembe ya namna hiyo haina haja ya kidole. Inangoja mtikiso tu.

Pili nilitafuta kituo, sikukikuta. Triga ilikwenda laini, nyepesi, kisha tap, imeachia. Hatua ya pili haikuwepo.

Nikachukua mizani. Hapa kwetu mizani nzuri ya kazi hii ni ile ya springi ya kupimia samaki, ya kuning'iniza, yenye sindano na ndoana. Ndoana inawekwa katikati ya mpindo wa triga, pale kidole kinapokaa, na kuvutwa sambamba na mtutu. Ukiishusha kuelekea ncha ya triga utapata uzito mdogo kuliko ule wa kweli kwa sababu ya wenzo, na watu wengi wanaojisifu kwa triga zao nyepesi wamepima hapo. Nasema mizani ya sindano kwa makusudi. Ile ya dijitali inakupa namba moja ya mwisho. Sindano inakuonyesha safari. Triga ikiwa na mkato, yaani inaachia ghafla bila mburuzo, sindano inapanda na chuma hakisogei mpaka kinaachia. Ikiwa na mburuzo, sindano inapanda, inasita wakati triga inasogea, inaruka, inasita tena.

Namba zilizotoka zilikuwa kati ya kilo 0.9 na 1.7, na hazikufuatana kwa mpango wowote. Kwa rifle ya kijeshi ya aina hii, ambayo kawaida yake ni kilo 2.5 hivi au zaidi, uzito huo mdogo ungenitia wasiwasi hata kama ungekuwa hauyumbi. Kuyumba kwake ndiko kulikonieleza zaidi. Nyuso mbili zilizo sawa huachana kwa uzito uleule kila mara, kwa tofauti ndogo tu. Zikiachana leo kwa kilo moja na kesho kwa kilo moja na nusu, basi hazishikani uso kwa uso. Zimeshikana kwa ukingo, na ukingo ule hauko mahali pamoja kila mara.

Kipimo cha mwisho cha siku ile kilikuwa cha kishindo. Nilifunga bolti kwa ukali wa mtu mwenye haraka, na baada ya kurudia rudia, pini ikashuka yenyewe, sawasawa na alivyosema Mzee. Kijana alikuwa amesimama pembeni. "Alaa, kumbe kweli," akasema. Nadhani hadi dakika ile alikuwa akiamini kwamba babake aligusa triga bila kujijua.

Nikaifungua. Uso wa sia ulikuwa unang'aa kama mpya, na hilo halikuwa jambo la kufurahia. Ili kuona mahali hasa nyuso zinapogusana, niliipitisha pua ya sia juu ya moshi wa koroboi mpaka ikashika masizi mepesi, nikairudisha, nikakaza bunduki na kuachia. Mkia ukiteleza juu ya masizi unayafuta, na sehemu iliyofutwa ndiyo picha ya mshiko. Nilitazama kwa lenzi nikiwa na vernia mkononi. Palipofutwa palikuwa na kimo cha milimita 0.6 tu upande wa kulia, na upande wa kushoto hapakuguswa kabisa. Ukingo wa juu ulikuwa umeviringika. Sia ya Mauser iliyo nzima niliyoitumia kulinganisha ilionyesha zaidi ya milimita 1.5, kwa upana wote wa uso.

Hapo mambo yote yalijipanga. Fundi wa kwanza alisikia mburuzo, akawaza kama fundi yeyote wa vyuma: nyuso zinateleza mwendo mrefu, basi tufupishe mwendo. Akapunguza kimo cha pua ya sia kwa tupa. Mshiko wote ukabaki milimita 0.6, na kwa kuwa hatua ya kwanza peke yake inaondoa zaidi ya hapo, bunduki ikawa inaachia ndani ya hatua ya kwanza, kabla nundu ya nyuma haijagusa bodi. Ndiyo maana kituo kilipotea. Ndiyo maana pia ikawa nyepesi: ilikuwa inaachia kwa wenzo wa nundu ya mbele, ule uliokusudiwa kuwa mwepesi. Kijana aliusifu wepesi ule akidhani ni ubora, kumbe ulikuwa ni dalili kwamba nusu ya mashine haifanyi kazi.

Na kwa nini haikudumu hata hivyo? Kwa sababu ya ngozi. Sia nyingi za kijeshi za zamani zilitengenezwa kwa chuma laini kilichopikwa mpaka nje yake ikawa ngumu sana, unene wa sehemu ndogo ya milimita, na ndani pakabaki laini ili isivunjike. Nilipoweka tupa ndogo laini ubavuni mwa sia, mahali ambapo hapakuguswa, iliteleza bila kuuma. Nilipoiweka kwenye uso uliopigwa tupa, ikashika mara moja. Ngozi ilikuwa imetolewa. Tangu siku ile mkia wa pini, ambao ni mgumu, ulikuwa unaisaga pua laini kila mara bolti inapofungwa, na ukingo ukawa unaviringika kidogo kidogo. Bunduki ilitoka kwa fundi ikiwa mbovu, ikaendelea kuharibika yenyewe kichakani.

Sia ya namna hiyo haitengenezwi. Kuna watakaokwambia waijaze kwa kuchomelea, wengine waipige moto na kuizamisha kwenye mafuta. Chuma kile hakina kaboni ya kutosha kukazika kwa moto peke yake, na kikichomelewa hakuna tena anayejua ugumu wake uko wapi na umeishia wapi. Inatupwa. Nilimwambia Mzee bunduki haitoki hapa mpaka ipatikane sia nyingine, na wakaifuata Dar es Salaam kwa muuzaji mwenye leseni, kwa makaratasi yake yote.

Wakati tunaingoja nilirudi kwenye swali la mwanzo, ambalo wote walikuwa wamelisahau. Kabla ya tupa, bunduki hii ilikuwa inaburuza kwa sababu gani? Fundi wa baiskeli hakujiuliza. Akaenda moja kwa moja kwenye sia, na kama sababu ilikuwa kwingine, sia mpya ingerudi na mburuzo uleule.

Sababu nilizikuta mbili. Ya kwanza ilikuwa mafuta ya nazi. Mzee alikuwa akiipaka bunduki mafuta ya nazi tangu aipate, kama wengi wanavyofanya kwa panga na kwa cherehani. Kwa kuzuia kutu kwa siku chache si mabaya. Lakini mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa kipupwe huku kwetu joto hufika huko. Zaidi ya hapo, yakikaa miaka huchacha na kushika vumbi. Kwenye pini ya sia na kwenye shimo la springi yake palikuwa na ute wa rangi ya asali uliochanganyika na vumbi la mchanga. Triga iliyokuwa laini mchana ilikuwa inanata alfajiri, na Mzee anawinda alfajiri na magharibi. Mafuta ya taa na mswaki wa zamani viliondoa yote. Nikaweka mafuta mepesi ya mashine, tone kwa tone, na nyingine yote nikaifuta ikawa kavu.

Ya pili ilikuwa mbao. Kitako kilichongwa upya na mtu ambaye hakukipaka chochote kwa ndani, na mbao hiyo inafura masika na kunywea kiangazi. Ubavuni mwa triga palikuwa na mkwaruzo mrefu unaong'aa, na kwenye tundu la kikinga triga alama yake ya pili. Kitako kikifura kinaisukuma kinga upande, na triga inajikuna humo ikivutwa. Mlengaji anaisikia hiyo kama mburuzo wa sia, wala hana njia ya kutofautisha kwa kidole. Kipimo chake ni kuitoa bodi kwenye kitako na kuivuta triga peke yake mkononi: mburuzo ukiondoka, ulikuwa wa mbao. Nilichonga kidogo ndani ya kitako, nikapaka vanishi, skrubu zikakazwa kwa mpango, na triga ikapata nafasi pande zote mbili.

Kwa hiyo mburuzo uliomfanya mtu ashike tupa haukuwa wa sia hata kidogo, au kwa uchache haukuwa wake kwa sehemu kubwa. Hili ndilo linaloniudhi katika kisa hiki kuliko tupa yenyewe.

Sia mpya ilipofika niliikagua ugumu wake, nikaifunga, nikaivuta. Kituo kimerudi, wazi kabisa. Triga ikivutwa, mkia wa pini unarudi nyuma kwa unywele, kama inavyotakiwa. Masizi yalionyesha mshiko wa milimita 1.9 upana wote. Lakini hatua ya pili ilikuwa ndefu: baada ya kituo palibaki milimita 0.7 za mshiko, na kwa wenzo wa hatua ile kidole kilikuwa kinatembea takriban milimita 2 kabla ya mwachio. Hizo unazisikia. Sasa huu ulikuwa mburuzo wa haki, wa sia yenyewe, na hapa ndipo mtu anapokuwa na uamuzi.

Njia mbaya ni ileile ya mwanzo, kupunguza pua ya sia, na mshiko wa bunduki ikiwa imetulia unapungua pamoja nao. Njia inayofaa kwa Mauser ni kuiacha sia kabisa na kugusa nundu ya nyuma ya triga. Ukiishusha nundu ya nyuma kidogo, inachelewa kugusa bodi. Hatua ya kwanza inakuwa ndefu zaidi, inaondoa mshiko mwingi zaidi, na kinachobaki baada ya kituo kinapungua. Mshiko wote wa bunduki iliyotulia unabaki milimita 1.9 zilezile. Usalama haujaguswa, kilichohama ni mahali kituo kilipo.

Kazi hiyo nilifanya kwa jiwe la mafuta, si kwa tupa: mikwaruzo michache, kufunga tena, kupima, kufungua. Inachosha, na haina njia ya mkato, kwa sababu ukipitiliza hakuna kurudi: hatua ya pili inakufa na umeharibu triga badala ya sia. Niliishia pale masizi na vernia viliponionyesha takriban milimita 0.3 zimebaki baada ya kituo. Kwa kidole ni chini kidogo ya milimita moja. Mizani ikasoma kilo 1.2 kufika kituo na kilo 2.3 kuachia, na sindano haikusita popote kati ya hapo.

Kijana alipoijaribu alikunja uso. "Mbona nzito, Fundi?"

"Babako naye ajaribu."

Mzee akaikaza, akalenga mnazi, akavuta mpaka kituo, akatulia. Ikaachia. Akairudia. "Hii imevunjika kama mhogo mbichi," akasema, na kweli hapana namna nzuri zaidi ya kulieleza. Mhogo mbichi haupindi kabla haujavunjika, na hakuna anayesema mhogo ule ulikuwa mwepesi.

Tulibishana na kijana kwa muda, na hoja yake si ya kipuuzi. Alikuwa amesikia kwamba triga za mashindano ni nyepesi mno, na kwa baadhi ya michezo ni kweli: kuna za gramu mia na kitu. Lakini hata kwenye mashindano ya dunia, rifle ya kawaida ya mita 300 hairuhusiwi kuwa chini ya gramu 1,500, na walengaji wake wanapiga kwa usahihi ambao sisi huku hatuuoti. Uzito unaojulikana hauwazuii. Ukishajua kwamba chuma hakitasogea mpaka kilo 2.3, kidole kinaongeza uzito polepole na akili inabaki kwenye mlengo. Ukiwa na triga ya kilo moja inayotembea milimita 3 kabla ya kuachia, unapiga vibaya kuliko hapo, kwa kuwa huna habari ya lini.

Tena mkato kamili, wa kutosogea kabisa, haupo. Nyuso mbili lazima ziteleze ili ziachane, na mshiko wa sifuri ni bunduki isiyoshika. Kinachowezekana ni kuushusha mwendo mpaka uwe mdogo kuliko kinachosikika. Na kidole chenyewe kina nyama: ukikikaza kwa kilo mbili, nyama inabonyea, na mwendo mdogo wa chuma unapotelea ndani ya mbonyeo ule. Ndiyo maana triga yenye uzito wa kiasi inaweza kuonekana ina mkato zaidi ya nyepesi yenye mshiko uleule. Nyuso zilizolainishwa vizuri nazo zinasaidia, si kwa kufupisha mwendo, bali kwa kuufanya usikwame: kinachouudhi mkono zaidi ni kule kukwama na kuruka. Mwendo mfupi ulio laini mtu huuzoea.

Kuna jambo moja niliacha lilivyo, nalo ni mwendo wa ziada. Baada ya mwachio triga ya Mauser inaendelea kwenda nyuma kidogo mpaka inasimama. Risasi bado iko ndani ya mtutu wakati huo, na kidole kinachoporomoka nyuma kwa ghafla kinaweza kuitikisa bunduki. Baadhi ya mafundi huweka skrubu ya kuuzuia. Katika bunduki ya shamba, inayolowa na kupigwa vumbi, skrubu ile ikilegea na kuingia ndani inaweza kuizuia sia isishuke yote, na mkia wa pini ukawa unaikwaruza pua yake kila unapopita. Kwa mlengo wa mita 70 faida haitoshi kuilipa hatari hiyo.

Kabla haijaondoka nilirudia kishindo cha bolti, mara nyingi na kwa ukali zaidi kuliko mwanzo, kisha nikaigonga kitako juu ya mpira ikiwa imekazwa na tupu. Haikuachia. Nikaweka sefti, nikavuta triga kwa nguvu, nikaiachia, nikatoa sefti: mkia ulibaki mahali pake. Kipimo hiki cha tatu husahaulika sana, na sia iliyopunguzwa hufeli hapo kuliko penginepo, pini ikashuka pale sefti inapotolewa bila mtu kugusa triga.

Nilimwonyesha kijana namna ya masizi, kwa kuwa macho yake ni mazima na mikono yake haina papara tena. Anatakiwa aitazame sia kabla ya kila masika na baada yake. Palipofutwa pakiwa pana na pameenea upande hadi upande, sawa. Pakianza kuwa pembamba, au pakiegemea upande mmoja, au mkia wa pini ukionekana kwenda mbele wakati triga inavutwa, bunduki inafungwa kabatini na kuletwa. Mafuta ya nazi yamerudishwa kwa mama, jikoni.